Kikapu si Bando: Hesabu ya Mboga za Kila Wiki

Jumamosi moja ya muhula wa kwanza, saa sita mchana, nilikuwa nimekaa kwenye ndoo ndani ya geto langu hapa Mafiga, Morogoro, nikitazama vikapu kumi na moja vya mboga ambavyo havikuwa na mtu wa kuvichukua. Mchicha ulikuwa umeshaanza kulala. Simu ilikuwa imejaa ujumbe wa aina moja: "Dada mboga, samahani, wiki hii sipo, nimeenda nyumbani." "Dada, tuna testi Jumatatu, sipiki." "Nitunzie cha kwangu mpaka wiki ijayo." Wote kumi na moja walikuwa wameshalipa, na wote waliamini, kwa haki kabisa, kwamba bado wananidai kikapu.

Wengi humu chuoni tunafikiria biashara ya aina hii. Mwingine anataka kuuza msosi wa mchana kwa wiki nzima, mwingine matunda, mwingine maziwa au mayai. Wazo ni lilelile: mtu analipa mara moja, wewe unampelekea kila wiki. Ninachotaka kueleza hapa ni sehemu ambayo wengi hatuifikirii mpaka ituumize, yaani mtu anapotaka kusimama kwa wiki moja halafu arudi. Kupata wateja ilinichukua siku nne, lakini kujua cha kufanya wateja hao wakisema "wiki hii sipo" kumenichukua muhula mzima na karibu laki tatu.

Fedha niliyodhani ni yangu

Nianze na hesabu, maana ndiyo iliyonidanganya. Kikapu changu kilikuwa shilingi 10,000 kwa wiki: mafungu matatu ya majani (mchicha, matembele, chainizi au majani ya maboga, kutegemea soko), nyanya, vitunguu, karoti, hoho, na kitu kimoja cha nyongeza kama nyanya chungu, bamia au kipande cha kabichi. Kinatosha watu wawili wanaopika geto kwa siku nne au tano. Mboga zenyewe nilikuwa nazipata kwa takriban 6,200 kwa kikapu, kwa mama mmoja wa Soko Kuu la Chifu Kingalu anayepokea mzigo wa Mgeta. Bodaboda na mifuko vilikula kama 1,500. Kwa hiyo kila kikapu kilinibakizia 2,300.

Bumu lilipotoka, watu thelathini walilipia wiki nne kwa mpigo. Thelathini mara 40,000 ni 1,200,000. Sijawahi kushika fedha kama hiyo kwenye simu yangu. Nikalipa kodi ya miezi sita, 240,000. Nikanunua friji la mtumba, 280,000, nikajiambia ni "mtaji". Jumla 520,000.

Sasa tazama. Vikapu nilivyokuwa nadaiwa ni 120. Kuvinunua na kuvipeleka kunagharimu 7,700 kila kimoja, yaani 924,000. Faida yote ya wiki nne, hata kama kila kitu kingekwenda sawa, ilikuwa 276,000 tu. Mimi nilikuwa nimeshatumia 520,000. Kabla ya kupeleka kikapu cha kwanza, nilikuwa nimekula 244,000 za mboga za watu. Sikujua, kwa sababu simu ilikuwa bado inaonyesha 680,000, na mtu mwenye 680,000 kwenye simu hajioni ana deni.

Biashara ya kulipwa kabla ina mtego huo. Muuza genge hupokea fedha akikabidhi mboga, basi fedha aliyonayo ni yake. Wewe unapokea fedha leo na kukabidhi mboga kwa mwezi mzima. Siku ya kwanza, kila shilingi uliyonayo ni deni. Inageuka kuwa yako kidogokidogo, kila Jumamosi, kikapu kwa kikapu.

Halafu ikaja ile Jumamosi ya vikapu kumi na moja. Karoti, vitunguu na hoho niliviuza kwa jirani mwenye genge nikapata 18,000. Majani niligawa. Kwa kuwa nilikuwa nimeshavilipia vyote sokoni, 68,200, hasara ikawa 50,200, na bado nilitakiwa kununua tena vikapu vilevile kumi na moja kwa watu walewale. Kwa wiki ya nne nilimkopa mama wa sokoni mzigo mzima. Nilimaliza kulipa deni lake likizo.

Nauza sahani, siuzi siku

Swali lililonikalia kichwani lilikuwa hili: mtu akilipia wiki nne, amenunua nini hasa? Mimi nilikuwa nimeandika "mwezi mmoja, 40,000", kama bando la simu. Bando tunalijua wote. Unajiunga siku saba, siku saba zikiisha limeisha, uwe umewasha data au hukuwasha. Na wote tunajua tunavyojisikia usiku ule linapokatika na nusu haijatumika. Mtu aliyelipa fedha ya bumu lake kwa mboga hawezi kukubali kupotezewa namna hiyo na mwanafunzi mwenzake anayekaa nyumba ya tatu.

Jibu nililipata kwa mama lishe tunayekula kwake. Ana kadi za karatasi ngumu zenye miraba kumi. Unalipia sahani kumi, kila ukila anatoboa mraba mmoja. Usipokuja wiki nzima, kadi inakusubiri. Nilimuuliza kama haoni hasara mtu akipotea siku kumi. Akacheka: "Mwanangu, mimi nauza sahani, siuzi siku. Asipokuja, mchele wake bado uko kwenye gunia."

Sentensi hiyo ya pili ndiyo muhimu, ingawa mwanzoni niliisikia ile ya kwanza tu. Mama lishe anaweza kumsubiri mtu kwa sababu mchele hauozi, na anapika kwa kuwakadiria watu waliopo. Mchicha wangu hauna gunia la kusubiria. Ukishakatwa na kufungwa, una siku moja, ukibahatika mbili. Kwa hiyo ninaweza kuuza vikapu badala ya siku, lakini kwa sharti moja: nijue nani hayupo kabla sijanunua. Baada ya kununua, kikapu kimeshakuwa mboga, na mboga haiwezi kurudi kuwa fedha.

Muhula wa pili nilianza upya na watu ishirini na wanne, nikiwa na kanuni iliyotoka hapo. Mteja ananunua vikapu vinne, havina tarehe ya kuisha ndani ya muhula. Akitaka kusimama, anaandika neno moja, SIMAMA, kabla ya Alhamisi saa 2 usiku. Akifanya hivyo, hesabu yake haiguswi. Akichelewa, kikapu kimehesabiwa, kwa sababu kimeshanunuliwa, lakini ni chake: anaweza kuniambia nimpelekee rumeti wake, rafiki yake, au mlinzi wa hosteli.

Wiki inavyozunguka

Saa 2 usiku ya Alhamisi inatokana na jinsi wiki yangu inavyokwenda, na kila anayetaka kufanya biashara hii lazima aipate saa yake mwenyewe kwa kurudi nyuma kutoka siku ya kupeleka.

Napeleka Jumamosi asubuhi kwa sababu hakuna vipindi na watu wako vyumbani. Ili nipeleke Jumamosi saa 3, lazima nifunge vikapu kuanzia saa 12 alfajiri. Ili nifunge alfajiri, mama wa sokoni lazima awe ameniwekea mzigo usiku wa Ijumaa. Ili aniwekee, anataka idadi kamili Ijumaa asubuhi kabla hajaongea na watu wake. Kwa hiyo saa ya mwisho ambayo mtu anaweza kubadili mawazo bila kumuumiza yeyote ni Alhamisi usiku. Ningeweka Ijumaa mchana ili kuwafurahisha wateja, ningerudi kulekule kwenye ndoo na mchicha uliolala.

Jumatano jioni kila mteja anapata ujumbe wake kwenye WhatsApp, si kwenye grupu. Nilijaribu grupu, watu wanausoma na kudhani unamhusu mwingine. Ujumbe ni mfupi na hausomeki tofauti wiki hadi wiki:

"Kikapu cha Jumamosi: mchicha, matembele, chainizi, nyanya, vitunguu, karoti, hoho, bamia. Umebakiza vikapu 2. Kama hupo, andika SIMAMA kabla ya kesho saa 2 usiku."

Alhamisi saa 2 na dakika tano nafunga daftari. Lina safu nne: jina, amelipia ngapi, amepelekewa ngapi, amebakiza ngapi. Nawahesabu wenye salio ambao hawakusema SIMAMA, na hiyo ndiyo idadi. Siongezi hata kimoja cha "huenda". Ijumaa saa 1 asubuhi nampigia mama.

Jumamosi bodaboda mmoja ananifanyia mzunguko mzima kwa 24,000: Mafiga, kampasi kuu, Magadu, Misufini, halafu Mazimbu. Mpangilio haubadiliki, hata kama wa Misufini wote wamesimama na ningeweza kuanzia Mazimbu. Mwanzoni nilikuwa nabadilisha kila wiki kulingana na urahisi wangu, na watu wakawa wanatoka, nakuta kufuli. Mtu akishazoea kwamba Dada mboga anapita kati ya saa 3 na saa 3 na nusu, anakuwepo mwenyewe bila kupigiwa simu. Vikapu vinavyokosa mtu mlangoni vimepungua kutoka vitatu au vinne kwa Jumamosi hadi kimoja, na wiki nyingine hakuna.

Mteja mmoja, wiki kwa wiki

Tumchukue mteja mmoja wa Mazimbu, mwaka wa pili, anayepika na mwenzake. Analipa 40,000 Jumatatu. Daftari linasoma: amelipia 4, amepelekewa 0, amebakiza 4.

Jumamosi ya kwanza napeleka, anabakiza 3. Ya pili napeleka, anabakiza 2. Wiki ya tatu ana testi mbili, Jumatano usiku anaandika SIMAMA. Sinunui, sipeleki, anabaki na 2. Wiki ya nne hasemi kitu, basi napeleka, anabakiza 1.

Hapo ndipo namwambia kuhusu kulipia tena, akiwa bado na kikapu kimoja mkononi. Zamani nilikuwa nasubiri viishe. Mtu akishapokea cha mwisho na kukaa wiki moja bila, anarudi kwenye mazoea ya kununua fungu gengeni, na kumrudisha ni kama kumtafuta mteja mpya. Ujumbe wa Jumatano unamwambia tu, "Umebakiza kikapu 1. Ukitaka kuendelea, lipia kabla ya Alhamisi ya wiki inayofuata."

Wiki ya tano anasahau, Ijumaa mchana ndipo anaandika SIMAMA, yuko kwenye basi kwenda Dodoma. Amechelewa. Namjibu bila hasira: "Kimeshanunuliwa, nimpe nani?" Anamtaja jirani yake. Kikapu kinakwenda, anabakiza 0. Asipolipia kufikia Alhamisi inayofuata, hayumo kwenye idadi. Hanidai na simdai.

Kitu kimoja kwenye mfano huo kinaweza kukupita. Wiki ya nne hakusema kitu, na mimi nikapeleka. SIMAMA moja ni ya wiki moja tu, wiki inayofuata mtu anarudi mwenyewe kwenye orodha. Muhula wa kwanza nilikuwa nawaambia waliosimama, "Nishtue ukiwa tayari." Kati ya wale kumi na moja walionishtua wenyewe ni wanne. Wengine hawakuwa na kinyongo na mimi, walisahau tu, na kila wiki iliyopita iliwafanya waone aibu zaidi kuanza upya. Kusimama kusipokuwa na siku ya kurudi kunageuka kuwa kuondoka, tena kuondoka kubaya, kwa sababu mtu ameondoka na deni lake kwako.

Akisimama wiki mbili mfululizo, wiki ya tatu nampigia simu. Namuuliza moja kwa moja: tuendelee, au nikurudishie fedha ya vikapu vilivyobaki? Wengi wanaendelea. Wachache wanasema kweli kwamba mboga ni nyingi, zinaozea ndani, na hilo ni jambo ambalo ujumbe wa Jumatano usingeniambia kamwe.

Laini ya pili

Kuhusu fedha, nilifanya jambo dogo: nilisajili laini nyingine, na malipo yote ya vikapu yanaingia huko. Sitoi kitu humo mpaka Ijumaa, na natoa sawa na vikapu vya Jumamosi hiyo tu. Wiki yenye vikapu 19 natoa 190,000: humo nalipa soko, bodaboda na mifuko, kinachobaki ndicho changu.

Jumamosi jioni nafanya ukaguzi wa dakika mbili. Najumlisha safu ya "amebakiza" kwa watu wote, nazidisha kwa 10,000. Wiki moja jumla ilikuwa vikapu 46, basi laini ile ilitakiwa kuwa na 460,000. Ikiwa na pungufu, nimekula fedha ya mtu, hata kama sikumbuki lini. Hakuna dalili nyingine ya mapema kuliko hiyo. Wateja hawatakuambia kwamba unafilisika, kwa sababu wao wanaendelea kupata mboga mpaka wiki ile ya mwisho unaposhindwa kununua.

Kwa sababu hiyohiyo siuzi vikapu vinane kwa mpigo, ingawa bumu likitoka wapo wanaotaka. Vikapu vinane vingi ni deni kubwa na kishawishi kikubwa. Kinyume chake, bumu likikata nawaruhusu watu kulipia kikapu kimoja kimoja kwa 11,000. Ile elfu moja ya juu ni kwa sababu mtu wa wiki moja sijui kama wiki ijayo yupo. Nilichoacha kabisa ni kukopesha kwa "bumu likitoka". Ndiyo njia nyepesi ya kupoteza mboga na mshikaji kwa pamoja. Mtu asiye na fedha anasimama, nafasi yake ipo, na heshima yake pia.

Idadi ikishuka

Kusimama kwa watu kuna gharama moja ambayo haikwepeki hata wakisema mapema. Bodaboda ni 24,000, niwe na vikapu 24 au 12. Kwenye vikapu 24, kila kimoja kinabeba 1,000 ya bodaboda, na mfuko na kamba 500, nabaki na 2,300. Kwenye 12, kila kimoja kinabeba 2,000, nabaki na 1,300. Kwenye vikapu 8, bodaboda ni 3,000 kwa kikapu, nabaki na 300, yaani 2,400 kwa kuamka saa 10 alfajiri. Chini ya hapo najilipia mwenyewe ili nifanye kazi.

Wiki za kawaida wanasimama wawili au watatu. Wiki za testi wanafika nane hadi kumi. Basi nilichofanya ni kuwaomba viongozi wa madarasa ratiba za testi mwanzoni mwa muhula, nikaziweka kwenye kalenda. Wiki ile namwambia mama wa sokoni wiki moja mbele kwamba mzigo utakuwa nusu, na bodaboda tunakubaliana mzunguko mfupi wa 15,000. Hata hivyo Jumamosi haikosi. Nilishawahi kuiruka moja kwa sababu watu walikuwa tisa tu, na wiki iliyofuata watano kati ya hao tisa walisimama. Walikuwa wamekula mboga za gengeni, wakaona maisha yanaendelea.

Na siku nikishindwa mimi? Mvua kubwa ya masika ilileta siku hiyo, mzigo wa Mgeta ukafika Jumamosi jioni badala ya usiku wa Ijumaa. Nilituma ujumbe saa 1 asubuhi, kabla mtu hajaanza kusubiri, nikawapa nafasi ya kuchagua: kupokea Jumapili, au kikapu kirudi kwenye hesabu. Aliyechagua Jumapili alipata fungu moja la ziada. Mimi nina saa ya mwisho kwa wateja, basi na wao lazima wawe na haki yao nikichelewa. Kanuni inayombana mteja tu haidumu hata wiki tatu, watu wanaanza kubishana nayo.

Msamaha mmoja

Nimesema kwamba aliyechelewa kikapu kinahesabiwa. Muhula wa pili, wiki ya tano, mteja wangu mmoja hakuwepo mlangoni na hakupokea simu. Nikampa jirani yake kikapu, nikapunguza hesabu, nikamtumia ujumbe kama kawaida: "Umebakiza 1." Siku nne baadaye alijibu. Alikuwa amesafiri usiku wa Ijumaa kwenda Mwanza, mama yake amefariki. Aliandika tu, "Sawa dada, nimeelewa."

Sikulala vizuri. Hakuna kosa la hesabu pale, kikapu kilinunuliwa na kililiwa. Lakini daftari langu lilikuwa halina mahali pa kuandika msiba. Nilimrudishia kikapu, nikaenda kumpa pole aliporudi, kisha nikakaa kufikiria namna ya kulifanya hilo liwe kanuni, ili lisitegemee kama nimejua au sijajua, au kama mtu ni rafiki yangu au si rafiki yangu.

Tangu hapo kila mteja ana msamaha mmoja kwa muhula. Akichelewa kusema SIMAMA, anaweza kuandika MSAMAHA, na kikapu kinarudi kwenye hesabu yake. Simuulizi sababu. Nikianza kuuliza, nitakuwa hakimu wa misiba na magonjwa ya wenzangu, na mwongo mzuri atashinda kila mara. Gharama ya msamaha ni 6,200 za mboga, na nimeitafutia mahali pa kutokea: kila kikapu ninachopeleka, 200 kati ya zile 2,300 inakwenda kando. Muhula ule nilipeleka vikapu 290, basi mfuko ukawa na 58,000. Misamaha iliyotumika ilikuwa 7, yaani 43,400. Ikabaki 14,600. Nilidhani watu wote ishirini na wanne wangeitumia kwa sababu ni ya bure. Wengi waliiweka akiba, na muhula ukaisha haijaguswa.

Kufunga muhula

Mwisho wa muhula kila mtu anaondoka kwa wakati mmoja, wengine fildi, wengine nyumbani, na vikapu vyote visivyo na tarehe vinadaiwa pamoja. Kwa hiyo zikibaki Jumamosi nne, siuzi tena vikapu vinne. Zikibaki tatu nauza vitatu, na kushuka hivyo. Wiki ya mwisho ya mitihani natuma ujumbe wenye hesabu ya kila mmoja: ama nikurudishie 10,000 kwa kila kikapu kilichobaki, na makato ya kutuma juu yangu, ama kivuke muhula ujao. Muhula uliopita vilibaki vikapu 13. Tisa walitaka fedha, vinne vilivuka. Nilirudisha 90,000 usiku mmoja, kutoka laini ya pili, na salio likasoma 40,000 kamili.

Friji la mtumba bado ninalo. Nililinunua kwa ajili ya mboga zilizokuwa zikibaki, na sasa haziko. Ndani yake kuna maji ya kunywa na, wiki kadhaa, limao.